Mkufu wa Gramu Ishirini na Tano

Walimwita Fagio, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Jina lilianzia kwa mumewe, siku chache baada ya harusi, alipowaambia ndugu zake kwamba mke wake kabla ya kuolewa alikuwa akifagia kwenye karakana ya sonara. Ndugu walicheka, jina likakaa. Hakuna aliyejisumbua kuuliza inakuwaje mtu anaajiriwa miaka sita kufagia chumba kimoja kisichozidi hatua nane kwa hatua sita. Wangeuliza wangeambiwa kwamba vumbi la karakana ya sonara halitupwi. Linafagiwa kwa brashi laini, linachomwa, linachekechwa, linaoshwa, na mwisho wa mwezi linatoa dhahabu ya kulipa kodi ya jengo. Mfagiaji wa pale haajiriwi ovyo, na akishaajiriwa anasikia kila neno linalosemwa kati ya fundi na mteja.

Lakini hawakuuliza, na siku ile mbele ya duka la sonara mumewe wa zamani alimwita vile vile, ingawa talaka ilikuwa na miezi minne.

"Fagio kafika," alimwambia kaka yake. "Tumalize, nina kazi."

Walikuwa watatu: Fagio, mtalaka wake, na kaka mkubwa wa mtalaka huyo, muuza vipuri vya magari, mtu wa makaratasi ambaye hata msumari hauuzi bila risiti. Kaka ndiye aliyeshika mfuko wa fedha. Fedha zilikuwa za mdogo wake, milioni sita kamili, zilizotokana na pikipiki mbili alizouza kwa shingo upande. Ofisi ya usuluhishi ndiyo iliyoamua zikae kwa kaka, kwa sababu mwenye nazo alikwisha kuahidi mara mbili na mara mbili akavunja ahadi yake.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Fagio aliachiwa na marehemu mama yake mkufu wa dhahabu wa gramu ishirini na tano. Mwaka wa tatu wa ndoa mkufu ukatoweka kabatini, na mwaka wa nne mume akakiri kwamba aliuuza. Sasa anaulipa kwa kununua mwingine. Fagio naye hakuutaka kwa ajili ya kuvaa. Alikwisha kupata chumba cha mbele barabarani, amekipaka chokaa, na kilichobaki ni cherehani mbili za umeme za kushonea sare za shule. Alitaka akauze mkufu, anunue cherehani, na asimwombe mtu tena maisha yake yote. Asipopata dhahabu ya kutosha, mwisho wa mwezi chumba kinakwenda kwa mwingine. Hayo ndiyo aliyoingia nayo dukani.

Duka lilikuwa na milango miwili, mmoja haufunguki mpaka wa pili ufungwe. Ndani kuna kaunta ya kioo, stuli nne, kioo cha kujitazama, feni ya ukutani, na kibao chenye bei ya siku kwa gramu: karati ishirini na mbili, laki mbili na elfu ishirini, karati kumi na nane, laki moja na elfu themanini. Fagio alikisoma kabla hajakaa. Asubuhi hiyo alikwisha kupita maduka matatu kuuliza, kwa hiyo alijua kwamba kibao hakisemi uongo. Maduka hayadanganyi kwenye kibao. Kibao kinasomwa na kila mtu.

Sonara, mwanamume mwenye miwani kwenye paji la uso, hakuuliza wanataka nini. Alitoa kisahani cha mahameli kilichokuwa tayari kimeandaliwa, na juu yake mkufu mmoja. Hapo Fagio akajua kwamba mtalaka wake alitangulia kufika.

Ulikuwa mkufu wa kumtoa mtu macho. Umesukwa, umechongwa maua, na kila ua lina jiwe jeupe katikati, mawe thelathini kwa jumla, kila moja kubwa kuliko punje ya mtama. Sonara aliuweka juu ya mizani. Ishirini na tano nukta sifuri.

"Umeona?" mtalaka alisema. "Gramu ishirini na tano kama ulivyolilia. Tena wa kisasa, si ile kamba ya ng'ombe ya mama yako."

Akutukanaye hakuchagulii tusi. Fagio aliuchukua mkufu, akageuza kifungo chake kwenye mwanga. Mhuri ulikuwepo, mdogo, safi: 750.

"Huu ni karati kumi na nane," alisema. "Wa mama ulikuwa ishirini na mbili."

"Dhahabu ni dhahabu."

"Sivyo. Katika mafungu ishirini na manne, hapa dhahabu ni mafungu kumi na nane, sita ni shaba na fedha. Kila gramu hapa ni pungufu kwa elfu arobaini. Kibao hicho hapo, soma."

Mtalaka hakusoma. Alimgeukia kaka yake, naye kaka akatoa karatasi ya usuluhishi mfukoni, akaikunjua, akaisoma kwa sauti ya mtu anayekagua mzigo bandarini: mume atamnunulia mke mkufu wenye gramu ishirini na tano za dhahabu, na mke akishapokea, hatakuwa na dai lingine. Chini kulikuwa na sahihi tatu. Karati haikutajwa popote.

"Shemeji," alisema kaka, "mimi nafuata karatasi. Wewe mwenyewe ulitia sahihi."

Alitia, ndiyo. Na hapa lazima tuseme ukweli hata kama unauma: kosa lilikuwa lake. Miaka sita katika karakana ile hakuona ikifuliwa dhahabu nyingine isipokuwa ya ishirini na mbili. Fundi wake alikuwa mzee mkaidi aliyesema kwamba kumi na nane ni shaba iliyojipendekeza. Basi Fagio aliposema dhahabu mbele ya msuluhishi, kichwani mwake ilikuwa ya ishirini na mbili, na hakuona haja ya kutaja kitu ambacho kwake kilijulikana kama maji kuwa majimaji. Mtu asiyejua angeuliza. Yeye anayejua hakuuliza. Alijikasirikia mpaka masikio yakamwaka moto.

Mtalaka alitabasamu. Alikuwa na tabasamu la upande mmoja ambalo zamani, Mungu amsamehe, Fagio alilipenda.

"Haya, tia sahihi twende," alisema.

"Bei gani huu?" Fagio alimuuliza sonara.

"Bei haikuhusu," mtalaka akadakia. "Unalipa wewe?"

"Bei gani?"

Sonara alimtazama kaka mwenye mfuko, akaona hakatazi, akajibu. "Dhahabu laki moja na themanini kwa gramu. Ufundi elfu hamsini na tano kwa gramu, maana kazi yake ni ya mkono, na mawe. Jumla kila gramu laki mbili na elfu thelathini na tano. Mara ishirini na tano, milioni tano laki nane na elfu sabini na tano."

Ufundi. Hilo ndilo neno alilolisikia kuliko yote miaka ile akiwa ameinama na brashi yake. Ufundi ndio unaomlisha sonara, wala si dhambi, kwani mkufu haujisuki. Ila ukiurudisha kuuza, hata kesho yake, ufundi haurudi. Mnunuzi anapima dhahabu, anatazama karati, basi. Maua, mawe, jasho la fundi, vyote ni sifuri. Anayenunua wa kuvaa na autazame uzuri. Anayenunua wa akiba na autazame ufundi, aukimbie.

Aliinua macho kwenye kabati la nyuma ya sonara. Chini kabisa, mahali pa vitu visivyoulizwa, ulining'inia mkufu mmoja mnene, wa pingili za duara zilizolala moja juu ya nyingine, bila ua, bila jiwe.

"Nipe ule."

"Ule hauna soko siku hizi," alisema sonara.

"Nipe tu. Na uzime feni, mizani inacheza."

Sonara aliteremsha miwani yake, akamtazama upya. Alizima feni. Fagio alikata kwanza uzi wenye kikaratasi cha bei, akaiangalia mizani ikisoma sifuri tupu, ndipo akauweka mkufu. Ishirini na tano nukta mbili. Mhuri kwenye kifungo, 916, yaani ishirini na mbili. Lakini mhuri wa kwenye kifungo unakiapia kifungo tu, si mkufu mzima. Aliomba jiwe jeusi la kupimia.

"Unaniita mwizi dukani kwangu?" sonara aliuliza, na sasa hakuwa na sauti ya biashara.

"Nimekuomba jiwe. Mwizi umemtaja wewe."

Jiwe lilitolewa na kubwagwa juu ya kaunta. Fagio alichagua pingili ya katikati, akaisugua upande wa ndani mpaka ikaacha mstari wa manjano. Kando yake sonara akasugua kijiti chake cha dhahabu ya ishirini na mbili, akadondosha tindikali juu ya mistari yote miwili. Walisubiri. Mistari ilibaki sawasawa, hakuna uliofifia kumzidi mwenzake. Kisha Fagio akabonyeza pingili mbili tatu kwa ukucha wa kidole gumba ili ajue kama ni bomba tupu ndani. Hazikubonyea, na uzito wake ulilingana na unene wake. Ulikuwa mkufu mzuri. Aliuona uzuri wake wote, na alitaka kulia.

"Ufundi wa huu?"

"Kumi na tano kwa gramu," sonara alisema kwa unyonge. "Umetengenezwa kwa mashine."

"Laki mbili na ishirini, ongeza kumi na tano." Fagio alimgeukia kaka. "Shemeji, wewe mtu wa hesabu. Gramu ya huu ni shilingi ngapi?"

Kaka hakuhitaji kikokotoo. "Laki mbili na elfu thelathini na tano."

"Na ule wa maua?"

Kaka aliugeukia mkufu wa maua. "Laki mbili na elfu thelathini na tano."

"Basi. Bei ya gramu ni ile ile. Kwenye ule wa maua mdogo wako analipia dhahabu kidogo na ufundi mwingi. Kwenye huu analipia dhahabu nyingi na ufundi kidogo. Mfuko wake hauoni tofauti. Mimi naiona, milioni nzima. Naomba huu."

Hapo ndipo jambo lingeweza kuisha. Mtu mwenye akili timamu angesema haya, chukua, na wote wangekwenda kula. Kaka alikwisha kuanza kufungua zipu ya mfuko.

"Hapana," mtalaka alisema. "Nanunua wa maua."

"Kwa nini?" kaka aliuliza. "Si bei moja?"

"Kwa sababu fedha ni zangu na mimi ndiye ninayechagua. Mke uliyemwacha hakuchagulii."

"Nakuuliza faida yako nini."

"Faida yangu asiipate hiyo milioni." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja saa. "Bora aile huyu sonara. Huyu sijamlisha miaka mitano."

Sonara alijifanya kufuta kioo. Kaka alimtazama mdogo wake kwa muda, kisha akaitazama karatasi, kana kwamba angeikuta imebadilika. Haikubadilika, naye hakuwa mtu wa kwenda kinyume na karatasi.

"Shemeji, siwezi kumlazimisha," alisema mwishowe. "Karatasi imesema gramu ishirini na tano za dhahabu. Ametimiza."

Fagio alikuwa amechoka. Kwa dakika moja nzima aliufikiria ule mkufu wa maua: auchukue, auze kwa hasara, anunue cherehani moja, na nyingine Mungu atajua. Aliunyanyua tena, akauzungusha, mawe yakamwangazia usoni. Mawe. Uchungu wa karati ulikuwa umemziba macho asiyaone, yeye ambaye alikuwa akiyaokota sakafuni mwa karakana kwa kibano.

"Shemeji, nisomee tena hayo maneno."

"Gramu ishirini na tano za dhahabu."

"Za dhahabu. Sawa." Aliusukuma mkufu wa maua mbele ya sonara. "Haya mawe thelathini ni dhahabu?"

Sonara aliuvuta mkufu upande wake.

"Mizani yako imepima dhahabu pamoja na vigae. Toa mawe ya aina hii yaliyo huru, unayo tu, fundi hakosi akiba. Hesabu thelathini, tupime."

"Duka hili tunauza kwa uzito wa kitu kizima. Ndiyo desturi yetu."

"Uza utakavyo, sikukatazi. Mimi nahesabu dhahabu."

"Usimsikilize," mtalaka alisema. "Anafagia huyu, anajua nini?"

"Pima," alisema kaka. Lilikuwa neno moja, lakini alilisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaambia nayo madereva wanaoleta mzigo pungufu. Mtu wa karatasi ukimgusa kwenye karatasi, umemgusa.

Sonara alitoa pakiti ndogo kutoka kwenye droo. Alihesabu mawe thelathini kwa kibano, ya ukubwa ule ule, akayamimina kwenye kisahani cha mizani. Mbili nukta nne.

"Ishirini na tano, toa mbili na nukta nne," kaka alisema polepole. "Ishirini na mbili nukta sita."

"Karatasi haijatimizwa," alisema Fagio.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mtalaka, ambaye dakika tano nyuma karatasi ilikuwa msahafu wake, alianza kusema kwamba hizo ni hila, kwamba karatasi ni karatasi tu, kwamba kila mtu anajua mkufu unapimwa mzima. Kaka hakumsikiliza. Alimuuliza sonara itagharimu kiasi gani kuurefusha ule wa maua mpaka dhahabu pekee ifike ishirini na tano. Sonara alibonyeza kikokotoo chake: zaidi ya laki sita juu ya bei ile. Ingekaribia milioni sita na nusu, na mfukoni zilikuwamo milioni sita.

"Basi ni huu wa pingili," kaka alisema. "Ishirini na tano nukta mbili, milioni tano laki tisa na elfu ishirini na mbili."

"Nukta mbili ya nini?" mtalaka aliuliza.

"Nini?"

"Karatasi imesema ishirini na tano. Nukta mbili ya nini? Simpi hata punje." Alimgeukia sonara. "Kata pingili moja."

Sonara alivua miwani kabisa. Sasa hata yeye alionekana kutamani watu hawa watoke dukani kwake. "Mheshimiwa, pingili moja ni kama nukta mbili, thamani yake elfu arobaini na saba. Lakini kukata, kuunga upya na kung'arisha ni kazi, elfu hamsini. Unapata hasara."

"Kata."

"Elfu tatu unazitupa bure," kaka alisema.

"Sizitupi. Kata."

Sonara aliuchukua mkufu, akaenda nyuma ya pazia kuwasha moto wake. Fagio alikaa kwenye stuli akiitazama mikono yake. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimshangaza. Miaka mitano alijiuliza amemkosea nini mtu huyu, akapika vizuri zaidi, akanyamaza zaidi, akaomba radhi kwa makosa asiyoyajua. Sasa alimwona amekaa pale, magoti yanacheza, anasubiri kupunguziwa pingili moja kwa gharama yake mwenyewe, na ameridhika kabisa. Hakukuwa na kosa lolote ambalo angelipata na kulitengeneza.

Mkufu ulirudi. Mizani ilisoma ishirini na tano nukta sifuri. Fagio alidai stakabadhi, akasimamia kila mstari ukiandikwa: uzito, karati, bei ya gramu, ufundi. Kisha akatia sahihi karatasi ya usuluhishi, akauvaa mkufu ndani ya gauni na kufunga vifungo mpaka shingoni.

Mtalaka alikuwa wa kwanza kutoka. "Nenda kafagie," alisema mlangoni, akacheka peke yake.

Kaka alibaki akikunja karatasi, akaikunja tena mahali ilipokwisha kukunjwa. Ndiye huyu aliyekwenda mara tatu kwa kina Fagio, na soda na maneno matamu, kumsihi asivunje nyumba kwa jambo dogo, kwamba mdogo wake ana mdomo tu, moyo anao. Alimshikia mlango wa kwanza, na walipokuwa wamesimama kati ya milango miwili wakisubiri wa pili ufunguke, alisema bila kumtazama.

"Shemeji, nikija tena kukuambia urudi, nifukuze."